Kutoka ripoti ya maabara ya kurasa 11 hadi bango moja na dakika tano za kusema

Mabango mengi ya wanafunzi huharibika kabla mtu hajagusa rangi wala ukubwa wa herufi. Mwanafunzi huchukua ripoti yake, huanza juu kwenye utangulizi, hupunguza kila sehemu kidogo, kisha hubandika vipande hivyo kwa mpangilio uleule wa awali. Kinachotoka ni ripoti iliyokonda. Kila kitu kimo, lakini hakuna kinachoonekana.

Ripoti huandikiwa msomaji aliyeketi, ambaye pengine anataka kulirudia jaribio lako mwenyewe. Bango husomwa na mtu aliyesimama, mwenye mabango mengine 20 mbele yake. Hotuba nayo husikilizwa na mtu asiyeweza kufungua ukurasa wa nyuma akasoma tena. Wote watatu wanahitaji matokeo yaleyale, ila kwa mpangilio tofauti, na kazi yetu hapa ni kuupindua mpangilio huo.

Nitatumia ripoti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ya jaribio linalofahamika: sodiamu thayosalfeti inachanganywa na asidi ya hidrokloriki ndani ya flaski ya koni iliyowekwa juu ya karatasi yenye alama ya X. Mmenyuko unazalisha chembe za salfa, kimiminika kinakuwa na ukungu, na anayetazama kwa juu anasimamisha stopwochi pale X inapopotea. Mwanafunzi alitumia sm³ 50 za thayosalfeti na sm³ 5 za asidi, akarudia mara tatu kwa kila halijoto. Wastani wa muda ulikuwa huu: nyuzi 20 za selsiasi, sekunde 118; nyuzi 30, sekunde 60; nyuzi 40, sekunde 32; nyuzi 50, sekunde 18; nyuzi 60, sekunde 10. Ripoti ilikuwa na kurasa 11, majedwali manne na grafu tatu.

Hatua ya 1: Anza na sehemu ya makosa ya kipimo

Usianze na utangulizi, wala usianze na hitimisho. Fungua ile sehemu ambayo wengi huiandika usiku wa manane ili tu iwepo, inayoeleza makosa ya kipimo na mipaka ya jaribio. Weka karatasi tupu pembeni na uorodheshe kila dai ambalo ripoti inalitoa. Halafu pitia dai mojamoja na ujiulize: je, dai hili linabaki limesimama baada ya kusoma sehemu hii?

Ripoti yetu ilikuwa na madai matatu. La kwanza, kasi ya mmenyuko huongezeka halijoto inapopanda. La pili, kila nyongeza ya nyuzi 10 inapunguza muda karibu nusu. La tatu, nishati ya kuanzisha mmenyuko, yaani kiwango cha nishati ambacho molekuli zinapaswa kuwa nacho ili kugongana kwao kuzae kitu kipya, ni 50 kJ/mol, na makosa ya 3 juu au chini.

Mwanafunzi alitaka dai la tatu liwe kichwa cha bango. Namuelewa. Ndilo lililomgharimu hesabu nyingi, lina kizio cha kuvutia, na lina sura ya sayansi ya wakubwa. Lakini kwenye ukurasa wa 9 alikuwa ameandika sentensi fupi sana: asidi haikupashwa moto. Sentensi hiyo ndiyo inayoamua bango lote litakavyokuwa.

Tazama kinachotokea. Thayosalfeti imepashwa hadi nyuzi 60, kipimajoto kimesomwa, kisha zinamiminwa sm³ 5 za asidi yenye nyuzi 20. Mchanganyiko wa sm³ 55 hauwezi kubaki kwenye nyuzi 60. Ukigawanya joto hilo kwa ujazo, unashuka kwa takriban nyuzi 3.6 na kufika karibu nyuzi 56. Kwa nyuzi 20 hakuna kinachoshuka, kwa sababu vimiminika vyote viwili vina halijoto moja. Kwa hiyo kosa hili halitawanyiki huku na huku. Linakua kadiri halijoto inavyopanda, na linaisukuma namba upande mmoja. Nilipokokotoa upya kwa nukta ya kwanza na ya mwisho, nikitumia nyuzi 56.4 badala ya 60, ile 50 kJ/mol ilikuwa karibu 54. Yale makosa ya 3 yaliyoandikwa kwenye ripoti hayafiki hata huko.

Dai la tatu basi haliwezi kubeba kichwa. La kwanza ni la kweli, lakini kila mtu ukumbini analijua kabla hujafungua mdomo. La pili ndilo lenye nguvu. Hata kama nyongeza halisi ilikuwa karibu nyuzi 9 na si 10 kamili, neno "karibu nusu" linabaki kuwa kweli. Chagua dai la aina hiyo: linalosema kitu mahususi, na ambalo halianguki pale msikilizaji makini anapolisukuma.

Hatua ya 2: Geuza kichwa kiwe sentensi yenye jibu

Kichwa cha ripoti kilikuwa: "Uchunguzi wa Athari za Halijoto kwenye Kasi ya Mmenyuko kati ya Sodiamu Thayosalfeti na Asidi ya Hidrokloriki." Kwa ripoti kinafaa, kwa sababu kinamwezesha mtu kuitafuta na kuiainisha. Kwenye bango kinamwambia mpita njia ulichofanya, na kinamficha ulichokipata.

Kichwa kipya kikawa: "Nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza muda wa mmenyuko karibu nusu." Kile cha zamani kikashuka chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na jina la mwandishi.

Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alipendekeza muundo unaolifikisha wazo hili mbali zaidi: matokeo makuu yanaandikwa kwa herufi kubwa katikati ya bango, kwa lugha ya kawaida, na maelezo mengine yanakaa pembeni. Si kila kongamano linakubali muundo huo, kwa hiyo soma maelekezo uliyopewa. Lakini sentensi yenye jibu inafaa kwenye muundo wowote. Kipimo chake ni rahisi: mtu akisoma kichwa pekee kisha akaondoka, je, ameondoka na kitu?

Hatua ya 3: Chagua grafu moja, kisha uichore upya

Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Ripoti ilikuwa na grafu tatu: muda dhidi ya halijoto, 1/t dhidi ya halijoto, na ln(1/t) dhidi ya 1/T, ambapo t ni muda na T ni halijoto kwa kelvini. Ile ya tatu ndiyo inayotoa nishati ya kuanzisha mmenyuko, na ina mstari ulionyooka unaopendeza. Lakini dai letu ni kwamba muda unapungua karibu nusu, na muda unaonekana kwa macho kwenye grafu ya kwanza tu. Grafu inayofaa ni ile ambayo mtu akiitazama analiona dai lenyewe bila kufanya hesabu kichwani.

Kisha ichore upya, usiikate na kuibandika. Mhimili wa muda uanze kwenye sifuri. Dai la nusu halionekani kwa haki kama mhimili umeanzia sekunde 8, maana urefu wa nukta juu ya mhimili hautalingana tena na muda wenyewe. Andika thamani pembeni ya kila nukta: 118, 60, 32, 18, 10. Ukifanya hivyo unaweza kufuta jedwali zima, na vilevile mistari ya gridi iliyojaa nyuma. Pitisha mkunjo laini kati ya nukta. Usiziunganishe kwa mistari ya kuvunjikavunjika, kwa sababu muda haukatiki ghafla kwenye kila nyuzi kumi. Mihimili iwe na jina na kizio kwa maneno kamili, "Muda hadi X kupotea (sekunde)", si herufi t peke yake.

Kuna mtego kwenye vijistari vya makosa ya kipimo, yaani vile vinavyoonyesha kwenye kila nukta vipimo vilitawanyika kiasi gani. Kwa nyuzi 20 vipimo vitatu vilikuwa sekunde 115, 118 na 121. Kwa nyuzi 60 vilikuwa 9, 10 na 11. Kwenye mhimili wa sekunde 120, kijistari cha nyuzi 60 ni kifupi kiasi cha kufichwa na nukta yenyewe, na mtazamaji atadhani hapo ndipo tulipopima vizuri zaidi. Ukweli ni kinyume. Sekunde moja katika kumi ni asilimia 10, wakati tatu katika 118 ni chini ya asilimia 3. Hilo halitajionyesha kwenye mchoro, kwa hiyo liandike kwa maneno pembeni ya nukta ya mwisho: "hapa kuchelewa sekunde 1 ni asilimia 10".

Jambo la mwisho kuhusu grafu ni ubora wake ikishachapwa. Grafu ya ripoti yenye upana wa sm 12 na nukta 150 kwa inchi ina pikseli kama 700 kwa upana. Ukiivuta hadi sm 40 zinabaki nukta 45 kwa inchi, na herufi za mihimili zitakuwa na ukungu kama ule wa flaski. Ihifadhi kutoka programu uliyoichorea katika umbo la PDF au SVG, ambalo halipotezi ukali likikuzwa. Kama programu yako inatoa picha za kawaida tu, itoe ikiwa na upana wa pikseli kama 4,700, ambao unatosha nukta 300 kwa inchi kwa sm 40.

Hatua ya 4: Punguza mbinu hadi mtu aelewe ulichopima

Mbinu kwenye ripoti ilikuwa na maneno zaidi ya 600: jinsi ya kuosha bureti, mpangilio wa vifaa, tahadhari. Kwenye bango swali ni moja tu: namba hizi zinapima nini? Yalibaki haya:

"Tulichanganya sm³ 50 za thayosalfeti na sm³ 5 za asidi juu ya alama ya X. Tulipima muda hadi salfa ilipoificha alama hiyo. Thayosalfeti ilipashwa hadi nyuzi 20, 30, 40, 50 au 60. Viwango vya myeyusho havikubadilishwa. Kila kipimo kilirudiwa mara tatu."

Mchoro mdogo wa flaski juu ya X ulisaidia zaidi ya maneno hayo. Utangulizi nao ulibaki sentensi mbili. Majadiliano ya kurasa tatu yakawa aya mbili, na hizo ninaziandika zote hapa kwa sababu ndizo ngumu kuziandika kwa ufupi.

Ya kwanza inajibu kwa nini: "Kutoka nyuzi 20 hadi 30, mwendo wa wastani wa molekuli huongezeka kwa chini ya asilimia 2, kwa hiyo kugongana mara nyingi zaidi hakutoshi kueleza nusu hii. Kinachobadilika sana ni idadi ya molekuli zenye nishati ya kutosha kumenyuka. Hiyo inakaribia kuongezeka maradufu."

Ya pili inataja mpaka: "Asidi haikupashwa moto, kwa hiyo mchanganyiko ulipoa kidogo baada ya kumiminwa, hadi takriban nyuzi 4 kwa kipimo cha nyuzi 60. Nishati ya kuanzisha mmenyuko tuliyoikokotoa, 50 kJ/mol, kwa hiyo iko chini ya thamani halisi."

Makosa yanayotawanyika huku na huku yameshaonekana kwenye vijistari, usiyaeleze tena. Lile linalosukuma namba upande mmoja ndilo linalostahili sentensi yake kwenye bango. Ukiliweka mwenyewe, unaonekana unalijua jaribio lako. Ukilificha, mtu atalitoa mbele za watu.

Hatua ya 5: Panga bango, kisha lichape kwenye A4

Ukubwa wa kawaida ni A0, mm 841 kwa 1189, au A1, mm 594 kwa 841. Weka ukubwa wa ukurasa kabla ya kuandika neno lolote. Kwenye PowerPoint ni `Design > Slide Size > Custom Slide Size`. Kuubadilisha mwishoni huvuruga kila kitu.

Kichwa juu, kwa herufi zisizopungua pointi 85. Grafu katikati, ikichukua karibu theluthi ya eneo lote. Mbinu kushoto, maelezo na mpaka kulia, kwa herufi zisizopungua pointi 24. Mimi hupendelea 32. Maneno yote yalikuwa kama 250. Acha nafasi tupu pembeni, na usiogope kwamba bango litaonekana halina kazi. Usiweke picha nyuma ya maandishi.

Sasa jaribio ambalo sijaona mtu akilifanya akajuta. Chapa bango la A0 kwenye karatasi ya A4. Kila urefu umepungua mara nne. Ishike sm 50 kutoka machoni: unaona hasa kile atakachokiona mtu aliyesimama mita 2 mbele ya bango kamili. Kichwa na namba za kwenye grafu zisomeke bila kukunja uso. Sogeza karatasi hadi sm 25, ambazo ni sawa na mita 1, na hapo maandishi ya kawaida nayo yasomeke. Kama hayasomeki, punguza maneno. Usipunguze nafasi kati ya mistari ili kuyaokoa.

Hatua ya 6: Andika maneno ya kusema, kisha yapime kwa saa

Kama umepewa dakika 5, andika hotuba ya dakika 4 na nusu. Mimi nikisoma kwa utulivu husema maneno kama 100 kwa dakika, hivyo nilimwambia aandike 450 na apime mwendo wake mwenyewe kwa kusoma kwa sauti akiwa amesimama. Kusoma kimyakimya ni haraka mno na kutakudanganya. Mgawanyo wetu ulikuwa maneno 50 ya kufungua, 90 ya mbinu, 170 ya grafu, 90 ya maelezo na mpaka, na 50 ya kufunga.

Usifungue kwa kusoma kichwa kilichoko ukutani. Yeye alifungua hivi:

"Nikimimina asidi ndani ya flaski hii ikiwa na halijoto ya chumba, nitasubiri karibu dakika mbili hadi alama ya X ipotee. Nikiipasha thayosalfeti hadi nyuzi 60, nitasubiri sekunde 10. Asidi ni ileile, kiasi ni kilekile. Swali letu lilikuwa: kila tukipasha kidogo, tunaokoa muda kiasi gani?"

Grafu ina utaratibu wake wa kusemwa, na wengi wanaukiuka kwa kurukia hitimisho huku macho ya wasikilizaji bado yanatafuta mihimili. Taja mihimili kwanza, kisha nukta moja, kisha mwelekeo:

"Chini mnaona halijoto, kutoka nyuzi 20 hadi 60. Pembeni ni sekunde tulizosubiri. Tuanze na nukta ya juu kushoto: kwa nyuzi 20, karibu dakika mbili. Sasa nyuzi 30: dakika moja. Nyuzi 40: nusu dakika. Kila tukipanda nyuzi kumi, muda unakatika karibu nusu."

Angalia kwamba hakusema "mia moja na kumi na nane" wala "thelathini na mbili". Namba zetu ni ndefu kutamka, na msikilizaji akiipokea ya tatu, ya kwanza imeshamtoka. Thamani kamili ziko kwenye grafu. Mdomoni tumia zile za kukadiria, ukisema wazi kwamba ni "karibu". Vivyo hivyo, usisome kJ/mol kwa sauti isipokuwa umeulizwa.

Sentensi za ripoti haziingii mdomoni moja kwa moja. "Ilibainika kuwa ongezeko la halijoto lilisababisha kupungua kwa muda uliohitajika" ni sawa kwenye karatasi. Kwa kusema, "tulipopasha zaidi, tulisubiri muda mfupi zaidi" inafika haraka. Sentensi ikikukatiza pumzi unapoisoma, ikate vipande viwili.

Ukishaisoma kwa sauti mara tatu au nne, iweke pembeni na ubaki na kadi moja yenye sentensi ya kwanza na ya mwisho zikiwa kamili, na katikati maneno matano tu ya kukukumbusha: flaski, mihimili, nusu, nishati, asidi baridi. Mtu huteleza zaidi anapoanza na anapofunga, ndiyo maana sentensi hizo mbili zinaandikwa zote.

Hatua ya 7: Ulichokikata kiwe karibu

Grafu ya ln(1/t), jedwali kamili la vipimo 15 na hesabu ya nishati havikutupwa. Viliwekwa kwenye slaidi mbili baada ya slaidi ya mwisho, na kwa bango vilichapwa kwenye karatasi moja iliyokuwa mkononi. Andaa majibu ya maswali matatu yanayotarajiwa. Kwetu yalikuwa: kwa nini nusu na si robo, mlijuaje X imepotea wakati ni macho ya mtu, na mlipima halijoto lini.

La tatu liliulizwa kweli, na mtu wa kwanza kabisa. Mwanafunzi alionyesha kidole kwenye aya ya mpaka, akasema kipimajoto kilisomwa kabla ya kumimina asidi, akatoa karatasi yenye hesabu ya nyuzi 56 na ile 54 kJ/mol, akaongeza kwamba akirudia ataweka asidi kwenye beseni lilelile la maji ya moto na kusoma halijoto ya mchanganyiko wenyewe. Muulizaji akainama kuitazama grafu kwa karibu, na mazungumzo yao yakaendelea hadi foleni nyuma yake ikaanza kusogea upande.